Tangazo Haliwezi Kuuliza Swali

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema hivyo kabla ya stetasi za WhatsApp. Siku hizi hata kizuri kinajitembeza, tena kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao, na anayekaa kimya akisubiri bidhaa yake ijiuze kodi ya fremu inamshinda kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo siandiki hapa kama mtu anayedharau matangazo. Ninataka kueleza kazi moja ndogo ambayo watu wa maandishi tunaombwa na ndugu zetu kila mara, na mara nyingi tunaifanya juu juu: kulipitia tangazo la duka kabla halijatoka.

Tangazo ninalolizungumzia ni la mama yangu mdogo. Ana fremu Sinza, Dar es Salaam, anauza asali inayoletwa kwa ndoo kutoka Sikonge, Tabora. Alimlipa kijana mmoja amtengenezee bango la kurusha kwenye simu, na maneno yakaja hivi:

"HABARI NJEMA KWA WATANZANIA WOTE!!! Je, unasumbuliwa na vidonda vya tumbo, kisukari, presha au kikohozi sugu? Suluhisho limepatikana! Asali mbichi, asilia 100%, iliyothibitishwa kitaalamu, inatibu magonjwa zaidi ya 40 bila madhara yoyote. Haigandi, haiharibiki. Inafaa kwa rika zote hata watoto wachanga. Asali bora kuliko zote nchini! Wahi sasa, mzigo ni mdogo. Kwa mawasiliano zaidi tupigie."

Pembeni, kwenye kona, kijana alikuwa amebandika alama ya TBS. Mama mdogo akanitumia na ujumbe mfupi: "Mwanangu, wewe ndiye mwandishi, hebu nirekebishie herufi."

Herufi zilikuwa sawa kabisa. Kazi ilikuwa kwingine.

Kwenye chumba cha habari tuna swali moja linalochosha waandishi wapya: umejuaje? Mhariri anapita sentensi kwa sentensi, na kila penye jambo linaloweza kuwa kweli au uongo anauliza hivyo hivyo, umejuaje? Tangazo linapitiwa kwa namna ileile. Unachukua kalamu, unapigia mstari kila kitu kinachoweza kupimwa, kisha unauliza ushahidi uko wapi na uko mikononi mwa nani. Kinachobaki bila mstari ni pambo. "Asali bora kuliko zote nchini" ni pambo. Hakuna aliyeonja asali zote nchini, na msomaji anajua hilo, anaisikia kama anavyosikia muuza machungwa akisema yake ni sukari tupu. Pambo halidanganyi mtu. Kosa lake ni kula nafasi tu.

Lakini "inatibu kisukari" si pambo. Hapo ndipo mimi na mama mdogo tulipoketi muda mrefu.

Utetezi wake ulikuwa ule unaoutarajia. Kila muuza asali anaandika hivyo. Halafu yupo mteja aliyemwambia kwa mdomo wake kwamba vidonda vya tumbo vilipona. Sikubishana na mteja huyo, huenda alipata nafuu kweli. Lakini alikuwa anatumia nini kingine? Aliacha kula nini? Nani alimpima kabla na baada? Ushuhuda wa mtu ni habari ya mtu huyo. Ukiuweka kwenye bango unakuwa ahadi yako wewe kwa kila anayesoma.

Basi nikamuuliza kuhusu jirani yake, mzee mwenye kisukari ambaye hupita dukani jioni kusalimia. Je, amewahi kuuliza habari ya asali? Mama mdogo akacheka kidogo. Ndiyo, aliuliza, tena majuzi tu. Aliuliza kama akianza kulamba asali anaweza kupunguza vidonge. Na wewe ukamjibu nini? "Nikamwambia aende akaulize hospitali. Mimi nitajuaje?"

Nilimwomba arudie jibu lake, akarudia polepole, na safari hii hakucheka. Ana kwa ana, mbele ya mtu anayemjua, mwenye mke na wajukuu, hakuthubutu kusema kile ambacho bango lilikuwa linakwenda kuwaambia maelfu asiowajua. Tangu hapo hilo ndilo likawa pimio letu, na sijapata jingine zuri kulizidi: kila sentensi ya tangazo, mwambie mtu mmoja unayemjua, kaunta ikiwa katikati yenu. Ukisita, ifute.

Na alikuwa na sababu ya kusita. Asali kwa sehemu kubwa ni sukari, takriban robo tatu hadi asilimia 80 ya uzito wake, hasa fruktosi na glukosi. Inapandisha sukari ya damu. Mwenye kisukari anayeila anapaswa kuihesabu kama anavyohesabu sukari nyingine, na anayeacha vidonge kwa ajili yake anaweza kuishia wodini. Zaidi ya hapo, chakula kinachotangazwa kwamba kinatibu ugonjwa kinajiweka kwenye uwanja wa dawa, na dawa Tanzania zina mdhibiti wake, TMDA, anayetaka usajili kabla ya kuuza. Miongozo ya kimataifa ya Codex kuhusu madai ya vyakula, tangu 1979, haikubali chakula kunadiwa kwamba kinazuia au kuponya ugonjwa. Kwa hiyo mstari mzima wa magonjwa ulikatwa. Arobaini yote.

"Iliyothibitishwa kitaalamu" ilikuwa rahisi. Na nani? Mama mdogo hakuwa na karatasi yoyote. Alama ya TBS nayo ilichukuliwa mtandaoni. Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa vyakula uko TBS, na alama yao hutumiwa na mwenye leseni, kwa bidhaa iliyoombewa. Haihami kutoka kwa mzalishaji mmoja kwenda kwa muuzaji mwingine kwa sababu asali zote zinatoka Tabora. Nayo ikaondoka, na mama mdogo akaandika kwenye daftari lake kwamba leseni ni jambo la kufuatilia kwa miguu yake mwenyewe. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na haimsamehe mtu kwa sababu duka lake ni dogo.

"Asilia 100%" ilitutesa zaidi, kwa sababu huenda ni kweli. Mama mdogo ana vipimo vyake: anadondosha tone kwenye glasi ya maji, likizama bila kutawanyika ni asali safi, anachovya njiti ya kiberiti, ikiwaka ni safi. Vipimo hivi viko kila mtaa. Tatizo ni kwamba havipimi tunachotaka kujua. Tone linazama kwa sababu ni zito, na shira nzito ya sukari nayo inazama vilevile. Njiti inaeleza habari ya unyevu tu. Maabara hufanya kazi nyingine kabisa: inaangalia aina za kaboni, kwa sababu sukari ya miwa na ya mahindi ina alama tofauti na nekta ya miti ya miombo. Kipimo hicho hakikai kwenye droo ya kaunta.

Sasa mtu asiye na kipimo hicho aandike nini? Aandike anachokijua kwa macho yake. Nikamuuliza ndoo zinatoka kwa nani. Kwa wafugaji wawili, anawafahamu miaka sita, amewahi kulala nyumbani kwa mmoja wao. Asali inakamuliwaje? Masega yanakamuliwa, inachujwa kwa kitambaa. Inachemshwa? Hapo hakuwa na hakika, akapiga simu palepale. Haichemshwi kule. Na hapa Sinza? Akakumbuka kwamba ndoo ikiganda huwa anaiweka ndani ya beseni la maji ya moto ili imiminike. Neno "mbichi" likaingia mashakani, maana kila muuzaji analielewa kwa namna yake. Tukaliacha, tukaandika kinachofanyika: imechujwa kwa kitambaa, haijachemshwa, haijaongezwa kitu. Hilo la mwisho analiweza kwa sababu ndoo zinafika zimefungwa na kuchota anachota yeye mwenyewe. Kama zingepitia kwa dalali, lingefutwa pia.

Kisha "haigandi". Huu ni uongo usio na faida hata kwa muuzaji. Asali halisi nyingi huganda, kwa kuwa glukosi iliyomo hujitenga na kuwa chembechembe. Nyingine kwa wiki, nyingine kwa miezi, kutegemea maua na baridi. Mteja aliyeahidiwa kwamba haigandi akiikuta imeganda anajua moja tu: ameuziwa sukari. Na kweli mama mdogo alikwisha kurudishiwa chupa mbili kwa sababu hiyo. "Haiharibiki" nayo ina mipaka. Asali yenye maji mengi huchacha, inatoa povu na harufu ya pombe. Viwango vya kimataifa vinaweka ukomo wa maji kwenye asilimia 20 kwa asali ya kawaida. Na ile ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo mama mdogo huipata kwa nadra, ina maji zaidi ya hapo kwa maumbile yake. Mambo haya mawili tuliyageuza kuwa maelekezo ya mstari mmoja, na nadhani ndio mstari unaomwonyesha kama mtu anayeijua bidhaa yake.

Sikuwa na subira na "hata watoto wachanga". Mtoto asiyetimiza mwaka hapewi asali. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda, lakini kwa mtoto mchanga zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli, mpaka kunyonya na kupumua. Ugonjwa wenyewe, botulizimu, si wa kila siku, lakini kuipasha asali moto jikoni hakuziui mbegu hizo, na hakuna namna ya kuzitambua kwa macho. Najua wapo wanaomlambisha mtoto asali siku za mwanzo kwa mapenzi na kwa mila. Ndiyo maana kufuta tu hakukutosha. Sentensi ilibidi igeuzwe iseme kinyume chake, na ibandikwe kwenye chupa pia.

Baada ya kukata hayo yote, mama mdogo alitazama karatasi akasema, "Sasa umeniachia nini?" Swali la haki kabisa. Alikuwa amebakiwa na maneno machache na hofu ya kodi. Hapo tukaliacha tangazo, tukafungua daftari la mauzo.

"Watanzania wote" hawajawahi kuingia dukani kwake. Wanaoingia ni nani? Tulipitia miezi miwili, yeye akiwakumbuka kwa sura. Zaidi ya nusu walikuwa akina mama wa Sinza na Kijitonyama wanaonunua nusu lita, kwa ajili ya chai, uji na mkate wa watoto wa shule. Wachache walikuwa vijana wa mazoezi. Wagonjwa waliokuja kutafuta tiba walikuwa wanahesabika kwa vidole, na wengi wao hawakurudi. Nikamuuliza, wale akina mama wakiingia, neno la kwanza huwa nini? Hakufikiri hata kidogo: "Hii ni ya kweli?"

Kumbe tangazo lilikuwa linajibu swali ambalo wateja wake hawaulizi, na lile wanalouliza likaachwa. Mwanamke anayeogopa kuuziwa shira hatulizwi na orodha ya magonjwa. Inamwongezea wasiwasi, maana maneno hayohayo ameyaona kwenye bango la yule aliyemuuzia shira. Anachotaka ni kujua imetoka wapi, imepita mikono mingapi, na ikiwa na kasoro atarudi kwa nani. Hayo yote mama mdogo anayo. Hakujua tu kwamba ndiyo tangazo.

Lugha nayo ilibidi ikae sawa na mtu huyo. Fikiria kanga: jina lake huwa fupi, na kila anayelisoma anajua linamsema nani. Bango lililoanza na "Watanzania wote" halimsemi mtu. Tukaamua sentensi ziwe zile ambazo mama mdogo angezitamka, bila "suluhisho limepatikana", ambayo hajawahi kuisema maishani mwake.

Ikabaki mwisho wa tangazo: msomaji afanye nini? La kwanza lilisema "wahi sasa, mzigo ni mdogo, kwa mawasiliano zaidi tupigie". Wakati huo stoo kulikuwa na ndoo tisa. Nilizihesabu. Haraka ya uongo inafanya kazi mara moja. Mteja akipita wiki ijayo akakuta bango lilelile na ndoo zilezile, amejifunza kutokuamini na mengine. Haraka ya kweli ilikuwepo ila haikuandikwa: bodaboda wanaopeleka oda wanatoka Jumanne na Ijumaa mchana, kwa hiyo aliyechelewa asubuhi ya siku hizo anasubiri zamu nyingine.

"Tupigie" nayo haikuwa na namba, haikuwa na bei, haikusema mtu apige aombe nini. Nenda Kariakoo usikilize vipaza sauti vya wamachinga. Sauti iliyorekodiwa inarudia bei na kitu, bei na kitu, na mnunuzi anajua afanye nini kabla hajasimama. Huku kwetu kwenye simu tumezoea kuficha bei ili mtu aje aulize, na wengi hawaji. Akina mama wa nusu lita wanapanga bajeti ya jioni, hawana muda wa kuanza mazungumzo ili kujua kama wanaimudu.

Tukaweka kitendo kimoja tu, ujumbe wa WhatsApp. Kupiga simu tulikufuta kwa sababu mama mdogo akiwa anapima asali mikono inanata na simu haipokelewi, na simu isiyopokelewa ni mteja aliyeondoka. Ujumbe unasubiri. Kisha nikampa rasimu binti wa duka la jirani, ambaye hakuhusika, nikamwambia asome mara moja kisha aniambie bei ya nusu lita, aandike nini, na mzigo utamfikia lini. Mara ya kwanza alikwama kwenye la tatu. Tukasogeza siku za kupeleka zikae kabla ya namba. Mara ya pili binti mwingine alijibu yote.

Tangazo lililotoka ni hili:

"Asali ya Sikonge, Tabora. Nainunua kwa wafugaji wawili ninaowafahamu kwa miaka sita. Imechujwa kwa kitambaa, haijachemshwa, haijaongezwa kitu. Ikiganda usishtuke: weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itarudi. Ikitoa povu, irudishe nikubadilishie. Asipewe mtoto chini ya mwaka mmoja. Nusu lita 9,000, lita 17,000. Sinza na Kijitonyama tunaleta Jumanne na Ijumaa. Oda kabla ya saa 4 asubuhi. Andika ASALI na mtaa wako WhatsApp, namba hii hapa chini."

Nisikudanganye kwamba duka lilifurika. Waliokuwa wanatafuta dawa wamehamia kwa jirani wa barabara ya pili, ambaye bango lake bado lina magonjwa arobaini, na mama mdogo anaona wanavyopita. Hilo linamuuma, na mimi sina cha kumfuta machozi. Kinachoonekana kwenye daftari ni kwamba hakuna tena chupa iliyorudishwa kwa sababu imeganda, na kwamba ujumbe unaokuja una mtaa na kiasi, si "habari, bei gani?"

Tulibaki na neno moja ambalo hatukukubaliana kwa urahisi: kikohozi. Mama mdogo alitaka libaki, na alikuwa na hoja. Wapo madaktari wanaoshauri kijiko cha asali kumtuliza kikohozi mtoto aliyevuka mwaka, na tafiti kadhaa zinaunga mkono kwamba husaidia kidogo. Kwa pimio letu la kaunta, hata mzee jirani angeweza kuambiwa hivyo bila kusita. Kwa nini basi lisiandikwe?

Jibu alilitoa mwenyewe bila kukusudia, siku mwanamke mmoja alipoingia akasema mwanawe anakohoa usiku. Mama mdogo, kabla hajagusa chupa, aliuliza: ana umri gani? Kwa muda gani sasa? Anapumua kwa shida? Ana homa? Alipokwisha kujibiwa, hakuuza. Alimwambia ampeleke mtoto zahanati asubuhi ileile.

Bango lisingeweza kuuliza hata moja kati ya hayo. Lingesema "kikohozi", mama yule angelipia. Kwa hiyo tumeongeza sharti la pili juu ya lile la kwanza: usilothubutu kumwambia mtu ana kwa ana usiliandike, na lile unaloweza kumwambia baada tu ya kumuuliza maswali, nalo usiliandike. Libaki kaunta, kwa sababu kaunta ina mtu wa kuuliza.